Maji ya Kumwogesha Bonge

Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima kuoga. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, maana hawajawahi kuamka asubuhi wakakuta shati lina mikono miwili na wao wamebaki na mmoja. Hospitalini kwetu nina chumba changu mwisho wa korido: jiko dogo, kitanda, beseni, kabati la vyombo visivyovunjika na dirisha lisilofungwa vizuri. Humo ndimo mgonjwa anajifunza upya kufunga vifungo, kumenya kiazi na kujipaka sabuni kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.

Msusi aliletwa kwangu akiwa amevaa kola ngumu ya shingo. Kibaka alimvizia akitoka saluni, wakagombania simu, na yule mwanaharamu akamchoma bisibisi shingoni kwa nyuma, upande wa kushoto. Simu akaondoka nayo. Msusi akabaki chini, mkono na mguu wa kushoto vimelegea kama si vyake. Alikuwa na mtoto wa miezi michache, mvulana mnene wa mashavu ambaye wodi nzima ilimwita Bonge.

Alipofika kwangu, mguu ulikuwa umeanza kurudi. Alitembea kwa mkongojo huku akiuburuta kidogo. Mkono wa kushoto ulikuwa mvivu zaidi. Vidole vilijikunja nusu halafu vikakata tamaa. Wa kulia ulikuwa chuma. Aliinua sufuria, alikamua kitambaa, alinipiga kikumbo nilipomtania kwamba atawasuka wateja upande mmoja tu. Kila aliyepita alimwambia, "Mshukuru Mungu, mkono wa kazi umepona." Ndugu, manesi, mumewe, wote wimbo wao ulikuwa huo mmoja.

Mumewe alikuwa fundi wa mabomba, mpole, mtu wa kusema "sawa" kabla hujamaliza sentensi. Mwenye sauti katika ile familia alikuwa mama yake. Huyu mama alikuwa dobi wa miaka mingi, mikono imekakamaa kwa maji ya moto na pasi, na ndiye aliyekaa na Bonge tangu siku ya mkasa. Alimlea vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Ila alikuwa na jicho la kumchunguza mkamwana wake kama nguo iliyorudi na doa.

Siku moja ya kuona wagonjwa mumewe na mama mkwe wakamleta Bonge amejichafua. Msusi akasema atamwogesha mwenyewe, palepale kwenye bafu la wodi. Mumewe akamletea maji ya moto na ya baridi, akachanganya bila kuyapima, akatoka kufuata taulo. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nahangaika na mzee mmoja na viatu vyake. Nikasikia ukelele uliofanya hata yule mzee asimame bila mkongojo.

Nilipofika, mama mkwe alikuwa amembana Bonge kifuani, mtoto mkavu, mzima, analia kwa sababu bibi yake analia. Beseni lilikuwa limepinduka na mvuke unapanda sakafuni. Msusi alikuwa ameketi kwenye kigoda, anautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na malengelenge yameanza kutokeza.

"Ametia mkono mpaka hapa!" mama mkwe alinionyesha kifundo. "Mkono mzima! Ameukoroga humo, anatabasamu, ananiambia, 'Yako sawa, mama, nipe mtoto.' Ningempa! Jamani, ningempa!"

"Mimi nimeona yako sawa," msusi akasema kwa sauti ndogo.

"Sawa? Maji ya kunyonyolea kuku?"

Mume akarudi na taulo. Akasema "sawa" bila kujua anajibu nini.

Jioni ile mama mkwe alitangaza uamuzi wake koridoni, mbele ya kila mtu. Bonge atakaa kwake mpaka aanze shule. Na akaongeza jambo lililonipandisha hasira: kwamba mkono uliokufa ukichomwa sindano mwenyewe anaruka, kwamba mkono mzima ukiungua hashtuki, na kwamba ugonjwa wa namna hiyo haupo. Mkamwana anaigiza. Hamtaki mtoto, anatafuta njia.

Nilitaka kumjibu, lakini nikimjibu mtu nikiwa na hasira huwa ninaharibu. Nikaenda kumwita Chaki.

Chaki ni daktari wetu wa mishipa ya fahamu. Anaitwa hivyo kwa sababu hawezi kueleza kitu bila kukichora, na akikosa karatasi huchora kwenye shuka. Alikuwa amemweleza msusi jambo hili siku za mwanzo, na msusi alikuwa ameitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu yeyote aliyelala na dripu mkononi. Safari hii Chaki aliwaketisha wote watatu chumbani kwangu, akachukua ubao mweupe ninaoandikia ratiba, akafuta ratiba yangu bila kuniomba.

"Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo mnapita ugwe wa mishipa ya fahamu," alisema. "Mnene kama kidole chako kidogo, mama. Ukiukata kama unavyokata karoti, ukatazama ule uso wa mkato, utaona hivi." Akachora duara, na katikati akachora kipepeo. "Huyu kipepeo ni seli. Hapa pembeni pote ni njia. Nyingine zinashuka, zinaleta amri kutoka ubongoni. Nyingine zinapanda, zinapeleka habari."

"Endelea," mama mkwe akasema, mikono imefumbatwa.

"Amri ya kusogeza mkono wa kushoto inashuka upande wa kushoto wa ugwe. Imeshavuka huko juu, chini ya ubongo, kabla haijafika shingoni. Habari ya kujua mkono wa kushoto uko wapi hata ukifumba macho, hiyo inapanda hapa nyuma, kushoto vilevile, nayo inavukia huko juu. Bisibisi iliingia kushoto. Ikazikata zote mbili. Ndiyo maana mkono wa kushoto hauna nguvu, na asipoutazama hajui umelala wapi."

"Hilo nimeliona."

"Sasa habari ya moto na ya maumivu haina subira. Ikitoka kwenye mkono wa kulia, ikiingia tu kwenye ugwe, inavuka hapohapo au juu kidogo, inahamia kushoto, ndipo inapanda." Akachora mstari mwekundu unaokatiza mbele ya kipepeo, kisha akapiga alama ya mkasi juu ya nusu ya kushoto. "Inafika shingoni, inakuta njia imekatwa. Kwa hiyo moto wa mkono wa kulia haufiki ubongoni. Na moto wa mkono wa kushoto umehamia kulia, ambako hakuna kilichoharibika. Unafika salama."

Mama mkwe akainuka, akausogelea ubao, akafuatisha ule mstari mwekundu kwa kidole chake kilichokakamaa mpaka kwenye mkasi. "Mkono mzima hauna habari," akasema polepole, "na mlegevu ndio unaojua."

"Ndiyo hivyo, mama. Na si mkono tu. Mguu na kiwiliwili pia."

"Mnayasema tu ubaoni," akasema, akarudi kuketi. "Mimi mjukuu wangu simpimii kwenye ubao."

Hapo nikaona mlango. Nilimwambia aje na Bonge nitakapokuwa nimemfundisha mama yake, yeye mwenyewe achanganye maji kama anavyochanganya nyumbani, na aamue kwa macho yake. Akikataa tutakuwa tumekataliwa. Chaki akanitupia jicho, maana alijua nimemweka mgonjwa wangu pabaya. Nilijua pia.

Nikamfundisha kwa ukali, msusi wa watu. Mkono wa kulia haukuruhusiwa kugusa maji kabla ya wa kushoto. Wa kulia kazi yake ni kumbeba mwenzake: unaushika kwenye kifundo, unautazama, unautumbukiza, unasubiri. Alikosea mara nyingi. Alizoea ule wenye nguvu kutangulia, kwa sababu maisha yake yote umetangulia. Kila ulipotangulia nilimpiga kofi dogo la begani nikamwambia, "Mgeni huyo, hajui kitu." Alicheka, kisha akalia, kisha tukaendelea. Bendeji ya malengelenge ikatoka. Mkono wa kushoto ukaanza kushika sponji, mradi autazame.

Siku ikafika, ileile aliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Mama mkwe akachanganya maji kwenye beseni langu, akatia mkono, akaridhika. "Haya. Haya ndiyo ya Bonge kila siku."

Msusi akaketi. Mkono wa kulia ukatangulia kidogo, kisha ukasimama hewani. Ukaurudia wa kushoto, ukaushika, ukaushusha. Akautazama ukizama. Akautoa upesi.

"Ni ya moto, mama."

"Ya moto wapi? Nimeyapima sasa hivi."

"Ni ya moto."

Wakatazamana. Nilichukua kipimajoto kwenye droo, nikakitia, nikamwonyesha mama mkwe mwenyewe asome. Arobaini na tatu. Nikamweleza kwamba mtoto anaogeshwa kwenye kama thelathini na saba. Akaitazama mikono yake ya udobi, ndani na nje.

"Ndiyo maana huwa analia kwanza," akasema. Alijiambia mwenyewe. Akamimina maji ya baridi, kidogo kidogo, na kila akimimina alimtazama mkamwana wake, mpaka msusi aliposema basi.

Walimwogesha pamoja. Bonge aliyapiga maji akatulowesha wote, Chaki na koti lake. Bibi akamfunga taulo akampakatisha mama yake kulia, kama walivyompakatisha siku zote, kwenye mkono wenye nguvu. Mimi kwa ajili ya mazoezi tu nikasema, "Mhamishieni kushoto. Ule mkono nao ufanye kazi."

Wakamhamisha. Nikauzungusha mkono mlegevu mgongoni kwa mtoto, kiganja kikafunguka juu ya ngozi yake. Machozi yakaanza kumtoka msusi, hakuyafuta.

"Ana joto," akasema.

Mama mkwe akaruka. "Homa?" Akambandika Bonge kiganja kwenye paji la uso.

"Hana homa, mama. Ana joto tu. Tangu nichomwe mnanipakatisha kulia. Maziwa yalishakauka, hata kumnyonyesha simnyonyeshi. Na kola hii hainiachi niiname nimbusu. Nikimshika nahisi uzito tu, kama nimebeba furushi la nguo. Nikadhani nimeacha kumpenda. Nikaona afadhali uende naye, mama, kuliko alelewe na mtu kama mimi. Sikuwa na wa kumwambia."

Sikulijua hilo. Hata Chaki, aliyezijua zile njia zote, hakuwa amewaza kwamba njia ya joto la mtoto nayo ingekatika.

Ule mkono mlegevu ulianza kuteleza. Mama mkwe akapiga magoti pale chini penye maji, akaudaka, akaurudisha kwenye mgongo wa mtoto na kuubana hapo kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa, mama," mumewe akauliza, "mtoto anakwenda kwako, au...?"

"Nyamaza wewe. Nenda katafute gari litupeleke sote kwenu."

Safari hii hakusema "sawa", alikwenda mbio. Sisi tulibaki chumbani, na yule mama hakuondoka magotini wala hakuuachia ule mkono mpaka Bonge akasinzia.