Mwasho wa Mwanarusi

Mwanarusi binti Chirau alikuwa mshonaji wa kofia pale Gazi, na hakuna aliyemfikia. Ukiiinua kofia yake kwenye jua, vitundu vyake vyote vilikuwa sawasawa, kana kwamba havikutiwa na mkono wa mtu. Alikuwa mjane. Mwanawe Kibwana alifanya kazi kiwandani Ramisi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa yake yeye na mkaza mwanawe Dama, na mjukuu wake Mbodze, msichana wa miaka miwili aliyezoea kulala kifuani pa bibi yake mchana.

Mwasho ulimjia mwaka wa kwanza wa Uhuru, bendera mpya ikiwa bado haijapauka pale kwa chifu. Ulianzia upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia, pale ambapo mshipa unapiga. Kwanza alidhani ni mbu. Kisha vikatokea vipele vidogo, bapa juu kama vilivyokatwa kwa wembe, viking'aa, rangi yake ile ya zambarau iliyoiva ikaanguka. Vikaenda mkono wa kushoto, vikashuka hadi vifundo vya miguu.

Vilikuwa vikiwasha kwa namna ambayo hakupata kuijua. Ulikuwa mwasho wa ndani, wa polepole, ukija saa ya joto baada ya adhuhuri, wakati mji mzima umelala na upepo wa mikokoni umekatika. Mwanarusi alilala chali, macho nusu wazi, akajikuna hata asijue kama yu macho au yu usingizini. Siku moja alijikuna kwa jino la kitana, mstari mmoja mrefu kutoka kifundo kwenda juu. Zilipopita wiki mbili, vipele vikaota juu ya mstari uleule, vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Akaogopa. Ilikuwa kama kwamba mwili wake umesoma alichouandikia.

Akaota. Katika ndoto alikuwa amekaa kizingitini akivuta uzi mweupe kutoka kinywani mwake. Uzi haukuisha. Aliushonea kofia, na kofia ikawa kubwa kuliko nyumba, na watu wakapita chini yake bila kuvua viatu. Alipoamka ulimi ulikuwa mzito. Akachukua kioo kidogo cha mkononi, akaenda mlangoni kwenye mwanga, akalivuta shavu kwa kidole.

Ndani ya shavu mlikuwa na nyuzi. Nyeupe, nyembamba, zimepishana na kuungana kama wavu wa dagaa. Akatazama shavu la pili: vilevile. Akachukua kitambaa safi akasugua. Hazikutoka. Haziumi, hazina ladha, zimekaa tu mle ndani kimya, kana kwamba kuna mtu amekuwa akidarizi humo muda mrefu naye hakuambiwa.

Aliyeianzisha hofu ni Esha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuja kuomba kaa la moto, akamwona Mwanarusi mikono wazi.

"Shoga yangu, hayo ni nini?"

"Joto."

Esha alishika kaa lake juu ya kigae asiondoke. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yake mama yangu alianza kwa mabaka. Wakampeleka Msambweni, kambini. Sisemi kwamba ndiyo. Lakini una mtoto mdogo ndani ya nyumba."

Neno lenyewe, ukoma, hakulisema, na hakuhitaji. Kufika Ijumaa, mtu aliyekuwa ameagiza kofia mbili alituma salamu kwamba hana haraka nazo. Mwingine alirudisha ile aliyokwisha kuinunua. Akaiacha juu ya baraza, imefungwa kwenye gazeti, bila kupiga hodi.

Dama hakusema lolote baya. Alikuwa msichana mwenye adabu. Jumapili asubuhi alimbeba Mbodze mgongoni, akasimama uani, mbali kidogo kuliko kawaida yake.

"Shikamoo, mavyaa."

"Marahaba, mwanangu."

"Naenda Kikoneni kumtazama mama. Hajambo sana, lakini nimemkumbuka."

"Vyema. Msalimie."

Mbodze alinyoosha mikono akimtaka bibi yake. Mwanarusi alificha mikono yake ndani ya kanga, akatabasamu kwa kufumba mdomo. Alimsikiliza mtoto akilia njia nzima mpaka minazi ilipomeza sauti.

Siku ile hakushona. Alikaa akafikiri polepole, kama mtu anayehesabu mawimbi. Akaona kwamba watakuja kumwambia aondoke, na watakuja kwa heshima, na heshima hiyo hataiweza. Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alifunga kanga mbili, sahani yake, sindano na uzi. Alifunga mlango, akaenda kwa miguu Msambweni kujipeleka mwenyewe.

Njia ilikuwa ndefu na nyeupe. Jua lilipopanda, mwasho ukaamka, naye akatembea ndani yake kama mtu anayetembea ndani ya maji. Minazi ilipita upande huu na upande huu. Wakati mwingine alihisi kwamba amesimama na minazi ndiyo inayotembea. Hakuwa na huzuni. Alikwisha kuaga yote, hata ukuta wa nyumba aliugusa kabla ya kutoka.

Kambini alipokewa na mtu mzima aitwaye Mwero. Zamani Mwero alikuwa mgonjwa hapo. Dawa zilimponya, akabaki kuwasaidia madaktari kupima wageni. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vifupi na vimejikunja, navyo alishikia mkebe wa pamba kwa ustadi.

"Umekuja kumtazama mtu, mama?"

"Nimekuja kukaa."

Mwero alitazama furushi lake, akalitazama tena. Akamweka kwenye benchi, akavuta mikono yake akaikunjua juu ya magoti yake mwenyewe. Siku kadhaa zilikuwa zimepita bila mtu kumgusa. Mwanarusi alishtuka, karibu aivute.

"Fumba macho," Mwero alisema. "Nitakugusa kwa pamba. Ukinisikia, nionyeshe mahali kwa kidole. Usipate shaka, hakuna kukosea hapa."

Akafumba. Kulikuwa na harufu ya dawa na ya majani yaliyofagiliwa, na njiwa mahali fulani. Kisha kikaja kitu chepesi kuliko pumzi, juu ya kipele.

"Hapa," alisema.

Kikaja tena, chini kidogo. "Hapa." Kwenye kifundo cha mguu. "Hapa." Kila kilipotua alikijua, hata pale palipokuwa na zambarau zaidi, na hapo ndipo mwasho ulipoinuka kama kuku aliyeguswa kiotani. Akajikuta anatamani yule mtu asimalize.

Mwero alipapasa nyuma ya viwiko vyake, akitafuta mishipa iliyovimba. Kisha akauliza, "Inawasha?"

"Inaniua."

"Sana?"

"Nimejikuna kwa kitana."

Mwero akaanza kucheka, taratibu, bila dharau. "Mama, mimi baka langu la kwanza liliunguzwa na sufuria nisijue. Harufu ndiyo iliyoniambia. Ukoma hunyamazisha ngozi. Yako wewe inapiga kelele."

Akaleta maji kwenye kikombe cha bati ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekinywea. Mwanarusi alikuwa na kiu ya njia nzima. Alikitazama kikombe, akavitazama vidole vilivyokishika, akasema, "Ahsante, sina kiu."

Mwero alikirudisha mezani, akatabasamu kwa kufumba mdomo. Hapo ndipo aibu ilipompata Mwanarusi, aibu ya moto, kwa sababu aliutambua uso ule: ulikuwa wake mwenyewe uani, mikono ndani ya kanga.

Daktari alikuja baada ya hapo, mtu mfupi mwenye miwani, aliyevuka kutoka Unguja mwaka uleule. Alitia tone la mafuta juu ya kipele kimoja, akakitazama kwa kioo cha kukuza, akamwachia na yeye atazame. Juu ya kipele kulikuwa na mistari myeupe, midogo mno. Kisha akamwambia afungue kinywa, akamulika ndani ya mashavu, akaguna kama mtu aliyekuta jina analolitafuta.

"Ni ndugu wa hivi vya mkononi," alisema. "Ugonjwa mmoja, mahali pawili. Una jina refu la Kilatini, halitakusaidia kitu. Si ukoma. Hauambukizi, si kwa sahani, si kwa kitanda, si kwa kumbeba mtoto. Unatokea kwa nini, hatujui bado."

"Nitapona?"

"Wa ngozi huondoka wenyewe, mara nyingi mwaka, pengine miwili. Utaacha madoa meusi, nayo huchelewa kufifia. Wa kinywani ni mkaidi, waweza kukaa miaka. Acha tambuu, punguza pilipili, na ukiona kidonda mle ndani kisichopona, njoo upesi. Na usijikune. Kila unapojikuna unaupandia mbegu."

Alimpa mafuta ya kupaka na vidonge vya kutuliza mwasho, akamwonya kwamba vinaleta usingizi. Mwanarusi alibaki amekaa na furushi lake. Alikuwa amekwisha kuondoka katika dunia, na sasa anaambiwa arudi. Hakujua ashike njia gani.

Kabla ya kutoka alimwendea Mwero. "Maji yale bado yapo?"

Mwero alimtazama. Akamimina mengine. Mwanarusi alikunywa kikombe chote, polepole, akashusha kikombe akasema, "Nisamehe, kaka yangu."

"Yamepita, mama. Nenda nyumbani."

Gazi hawakuamini mara moja. Esha alisikiliza yote kutoka upande wake wa ukuta. Kibwana aliporudi kutoka Ramisi, alimwuliza mama yake maswali machache, kisha akaenda Msambweni kumsikia daktari kwa masikio yake. Alipotoka huko alipitia Kikoneni. Dama alirudi naye, akapiga magoti uani.

"Ulimwogopea mwanao," Mwanarusi alimwambia. "Hata mimi ningemchukua. Inuka."

Mwezi mmoja baadaye Mwero alikuja Gazi kwa shughuli za kambi, akapita kumjulia hali. Watu walichungulia milangoni. Mwanarusi alitandika mkeka barazani, mahali pa kuonekana, akaleta wali na samaki kwenye sinia moja, akaketi wakala pamoja. Hakusema lolote kwa majirani, na hakuinua macho kuona nani anatazama. Mwishowe Esha alitoka na bakuli la mchuzi, akasimama nalo, akaketi pembeni ya mkeka, akamega tonge upande wa Mwanarusi.

Vipele havikuondoka haraka. Vidonge vilimtia usingizi mzito wa mchana, akaelea humo akisikia pawa ikigongana na sufuria mbali, kama jiko liko nchi nyingine. Kofia zilirudi kidogo kidogo, si zote. Mkono ulipotaka kukuna, alishika sindano. Zambarau ikageuka kahawia, kahawia ikalala bapa na ngozi, ikaacha vivuli vyeusi. Nyuzi za mashavuni zilibaki, naye akazoea kuishi nazo.

Alasiri moja, msimu wa pili wa mvua ya vuli, alishtukia kwamba jua limekwisha kupinda naye hajajikuna tangu asubuhi. Alisikiliza mikono yake. Ilikuwa kimya. Akakumbuka ngozi inayonyamazishwa, akaogopa, akaokota unyoya wa kuku uliokuwa kando ya mkeka, akafumba macho, akaupitisha juu ya kifundo chake. Akausikia wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbodze alikuwa amelala kifuani pake, mdomo wazi, jasho shingoni, naye Mwanarusi akatulia asimwamshe.