Mawe ya Nyumba ya Joska

Bwana Wandera wa ofisi ya kodi hakuangalia kiatu hata kimoja. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaweka mapajani stetimenti za benki za mwaka wa 2024, akaendelea kupiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa mara yake ya pili kuja.

Mimi nauza akala za matairi na ndara za ngozi hapa soko la Kariokor, kwenye duka la Mama Kimeu, huu mwaka wa sita. Pesa za duka nazipeleka benki mimi, na nikitumwa kutoa natoa mimi. Shule niliishia darasa la nane, lakini kitu nikikiona mara moja nimekiona.

Shida ilikuwa hivi. Mama Kimeu aliandika kwa serikali kwamba ameuza milioni tatu na laki tisa. Benki zilikuwa zimeingia milioni saba na laki mbili na elfu arobaini. Ukiuza milioni tano kwa mwaka lazima ujiandikishe kwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, asilimia kumi na sita. Yeye hakuwa amejiandikisha wala hakuwatoza wateja, kwa hivyo angeitoa mfukoni mwake, na faini juu. Duka lingefungwa. Alikuwa ameniambia wazi, na sikuudanganya moyo wangu: kazi yangu ingeenda nalo.

Kwanza tulimaliza pesa za chama, kile cha kuchangiana kwa zamu. Chama chao ni cha wanawake thelathini, wengi wa mtaa wa Jericho, elfu mbili kila wiki, na akaunti waliyotumia ni ya Mama Kimeu. Nilileta daftari lenye sahihi. Wandera alilinganisha: Jumatatu elfu sitini zinaingia, Jumanne zinatoka kwa mwenye zamu. Wiki hamsini.

"Natoa elfu hamsini na nane kila wiki," akasema. "Elfu mbili za kwako mwenyewe, Mama, hizo zimetoka kwa duka. Zinabaki."

Mama Kimeu akanong'ona kwamba huyu angehesabu hata chumvi kwa mboga. Wandera alisikia, akacheka kidogo, akaandika. Zikabaki milioni nne na laki tatu na elfu arobaini. Nikaona bega la Mama likishuka.

Ndipo Wandera akatoa risiti za nyumba ambayo Mama alijenga kule Joska. Mawe, saruji, mabati: laki saba, zote kesh. Akauliza zilitoka wapi.

Mama akasema kaka yake Mutunga, dereva wa lori, ndiye aliyempa. Wandera akauliza alizituma kwa njia gani. Mkononi, akajibiwa. Akasema basi Mutunga alete stetimenti yake inayoonyesha alikozitoa, la sivyo ataziweka kama mauzo ambayo hayakupelekwa benki. Nikajumlisha kichwani: milioni tano na elfu arobaini, tumevuka mpaka wa VAT.

Mama akanigeukia. "Mwambie Bwana, Muhonja. Si Mutunga alikuachia bahasha hapa?"

Nilijua anachofikiria. Aliamini akikubali pesa ni zake atatozwa kodi, akisema ni za kaka ataachwa. Mimi nilikuwa nimemtazama huyo mzee na kalamu yake siku mbili nzima, nikiona anachokata na anachoacha.

"Mama, Mutunga hajawahi kuniachia bahasha," nikasema. "Hizo pesa nilizitoa benki. Mara tatu."

Akaniita jina ambalo sitaliandika. Wandera alikuwa tayari anafunua karatasi. Nikamwonyesha: laki mbili mwezi wa tatu, laki mbili mwezi wa tano, laki moja na elfu themanini mwezi wa nane. Risiti za mawe na mabati zilikuwa za kesho yake kila mara. Hakuna iliyokuwa ya chama, maana hakuna iliyotoka Jumanne.

"Pesa iliyotoka benki iliingia benki kwanza," Wandera akamwambia Mama. "Nimeshaihesabu ikiingia. Siwezi kuihesabu tena ikitoka. Lakini hapa kuna laki tano na elfu themanini. Laki moja na elfu ishirini zinakosekana."

Hiyo nilimwachia Mama, maana ilikuwa yake kusema.

"Za Jumamosi," Mama akasema. "Watu wa viwandani wakilipwa. Hizo hazikuwa zinafika benki."

Wandera akaandika milioni nne na laki nne na elfu sitini. VAT haikumgusa Mama, maana hakufika milioni tano. Alificha laki tano na elfu sitini, na kodi ya mauzo ni asilimia tatu: elfu kumi na sita na mia nane, na faini na riba. Mama aliisoma mara mbili akaomba alipe kwa awamu.

Mzee alipoondoka, Mama alipanga upya ndara zilizokuwa zimepangwa.

"Ulijua hayo yote na ukaniacha nimtaje Mutunga."

"Hukuniuliza, Mama. Uliniambia cha kusema."

Akafungua droo, akatoa kesh ya Jumamosi iliyopita na kitabu cha benki, akavisukuma upande wangu.