Kengele Iliyokatwa

Mafundi wa paa waling'oa mabati ya chumba cha Ajwang asubuhi ile, naye yuko Kenyatta Market ananunua uzi. Mvua ikanyesha kama imeitwa. Aliporudi Riruta alikuta gauni sita za harusi ya Debra, ya kesho, zimelowa maji ya kutu. Ilikuwa saa nne, na Debra angekuja kuzichukua saa sita.

Mwenye nyumba, Mzee Dedan, alikuwa uani akisimamia mafundi, wala hana habari.

"Debra akikuja, mwambie ukweli," Ajwang alisema. "Mwambie ni wewe ulitoa mabati bila kunishow."

"Nilipost kwa group ya wapangaji Alhamisi. Wewe kama hausomi, shida ni yako."

Ndiyo, alipost. Katikati ya sala za asubuhi, matangazo ya mbolea na video za wanasiasa, thelathini kwa siku, mradi kidole chake kiko hai. Ajwang alishona huku simu ikilia mpaka akachoka, akakinyamazisha kikundi daima. Wateja aliwawekea mlio wao. Simu na ujumbe wa Dedan wa moja kwa moja vilikuwa vikilia kama kawaida.

"Mzee, niliandika hapo hapo, wiki tatu zimeisha. Nilisema nimemute group. Kitu ya maana, unipigie ama unitag kwa jina, hiyo inalia hata nikimute."

"Hakuna mahali uliandika."

"Fungua tuone."

Dedan alitoa simu kwa madaha ya mtu aliyezoea kushinda. Ajwang akachungulia begani kwake. Kando ya jina la kikundi kulikuwa na alama ya kengele iliyokatwa, na chini yake jumbe mia mbili na kumi na nne ambazo hazijasomwa. Mzee mzima alikuwa akitupa mambo yake kwenye vikundi vyote kwa mkupuo mmoja, bila hata kufungua, na yeye mwenyewe amekinyamazisha.

"Kumbe hata wewe umemute," Ajwang alisema. Mafundi juu ya paa walicheka. Alimchukia mzee huyu kwa moyo wote, na hakuficha. "Sasa Debra akikuja utamwambia?"

Masikio yalimwiva Dedan. Alifungua kikundi, akapandisha polepole mpaka akaupata ule ujumbe wa wiki tatu, akausoma wote, midomo ikichezacheza. Ajwang akadhani ameshindwa.

Kisha akaandika, kidole kimoja kimoja.

Simu ililia ndani ya aproni ya Ajwang. Wapangaji kumi na mmoja walikuwa kwenye kikundi, na uani hakuna simu nyingine iliyolia. Akaitoa, akasoma: "@Ajwang, utoke kwa nyumba yangu mwisho wa mwezi."

"Hiyo imefika?" Dedan aliuliza.