Miwani ya Alhamisi

Garrett Lindqvist aliletwa kutuongoza kwenye chumba cha kubetia cha Nyumbu wa Fedha baada ya kuongoza buffet ya hoteli hiyohiyo kwa miaka sita. Wenye akili waliona wameokota dodo. Mtu aliyejua kupanga bata mzinga na viazi, wakasema, atashindwaje kupanga bei za mpira wa Kimarekani? Las Vegas ndivyo ilivyo, kila mtu anajua kazi ya mwenzake.

Mimi ni Verna Szymanski, na hapo nilikuwa nimepanga bei miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe haina uchawi. Chuo cha Marlow kikicheza na Kettle Creek, kila mtu anajua Marlow ni wakubwa. Basi unawaambia watu: anayetaka Marlow, lazima Marlow washinde kwa zaidi ya pointi saba, anayetaka Kettle Creek anakula hata wakifungwa, mradi isifike saba. Hiyo saba ndiyo bei. Inapanda, inashuka, kama nyanya sokoni.

Alhamisi ile asubuhi bei ilikuwa sita na nusu. Miwani niliisahau kwenye gari, na mguu uliniuma, sikuwa na haja ya kuirudia. Saa nne na dakika kumi na nne skrini yetu, ile inayoonyesha bei za nyumba zote za kubetia mjini, ikawaka nyekundu kuanzia juu hadi chini. Sita na nusu ikawa saba, ikawa saba na nusu, ikawa nane, kila nyumba, ndani ya dakika mbili.

Huo tunauita mvuke. Maana yake kuna kundi lenye pesa na lenye kujua kitu, na watu wake wamebeti mji mzima kwa wakati mmoja kabla bei haijaamka. Nyumba zenye akili husogeza haraka. Nyumba zisizo na akili husogeza haraka pia, ila hazijui kwa nini.

Nilisogeza mpaka saba, nikasimama hapo.

"Mama, wewe umelala?" Garrett alitokea nyuma yangu. "Mji mzima uko nane!"

"Nauona mji, bosi."

"Sasa unasubiri nini, posa?"

Nilikuwa nimekaza macho, namtazama mzee Orville Tackett. Mwalimu mstaafu wa hesabu, kofia ya rangi ya chungwa, kiti cha tatu kutoka mlangoni, kila siku. Miaka minne nilikuwa nimemsoma huyo mzee kama gazeti. Mvuke ukiwa wa kweli, Orville anainuka kabla sijagusa kibodi, anakuja dirishani, anabeti bei ya zamani. Mara tatu tu hakuinuka, na mara zote tatu mvuke ulikuwa wa uongo. Kundi lilikuwa limebeti vijisenti katikati ya wiki, wakati dau linaloruhusiwa ni dogo, ili kupandisha bei, kisha Jumamosi dau lilipofunguliwa likarudi na magunia upande wa pili.

Leo Orville alikuwa anakunywa kahawa. Tena anakoroga taratibu.

"Huu mvuke ni wa kupikwa, bosi. Na wewe mambo ya jikoni unayajua."

Hakucheka. "Unajua tukikaa saba kitatokea nini? Watakuja wote kununua Marlow kwetu, kwa bei rahisi!"

"Waje. Dola elfu mbili kila mmoja, mwisho."

"Sawa. Weka jina lako." Akanisukumia daftari la mabadiliko ya bei. "Na ujue Jumatatu kampuni inaleta mtambo wa kunakili bei za wengine. Bi Caputo ameuliza kama bado tunakuhitaji. Nitamwonyesha ukurasa huu."

Bi Rosalind Caputo ndiye mwenye hoteli. Nina nyumba yenye mkopo na goti linalosubiri upasuaji, na bima ya goti hilo ni ya Nyumbu wa Fedha. Hata hivyo niliandika: Marlow, saba, V. Szymanski. Nilikuwa na hasira, na hasira inaandika vizuri.

Wakaja. Ijumaa nzima walipanga foleni wakinunua Marlow kwa saba, na Garrett akapita kila saa kunihesabia kwa sauti kama mtoto aliyejua namba jana. Usiku sikulala. Nilijiambia nimeitupa kazi yangu kwa sababu ya mzee mmoja na kijiko.

Jumamosi asubuhi dau likafunguliwa. Washabiki wakafurika na fulana zao. Kati ya tiketi kumi zilizouzwa mjini, nane zilikuwa za Marlow.

"Umeona?" Garrett alifoka. "Watu wote wako Marlow! Pandisha!"

"Angalia skrini, bosi."

Nane ikawa saba na nusu. Kisha saba. Kisha sita na nusu.

"Imeharibika hiyo," akasema. "Watu wananunua Marlow, bei ya Marlow inashukaje?"

"Tiketi ni vichwa, bosi. Bei inasikiliza uzito. Vichwa nane vyenye dola ishirini ishirini, na vichwa viwili vyenye laki. Wewe ungemwogopa nani?"

Bei ikikimbia umati namna hiyo, kuna anayejua. Hao wa laki walikuwa wanabeba Kettle Creek kwa nane, ileile nane waliyoitengeneza wenyewe Alhamisi. Kwetu hawakuja, kwa nini wachukue saba? Nikashuka na mji hadi sita. Nusu saa kabla ya mchezo ikatangazwa: mrushaji mipira wa Marlow, mchezaji wao mkuu, ana bega bovu, hachezi. Garrett akakaa kwenye kiti kama gunia la viazi vyake.

Marlow walishinda kwa pointi tatu. Kila tiketi ya Marlow tuliyouza kwa saba ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Jumatatu Bi Caputo alinishika mikono yote miwili. "Miaka kumi na tisa, Verna! Mtambo gani una jicho kama hilo?" Mtambo ukarudishwa. Garrett akarudi kwa bata mzinga, na mimi nikapewa ofisi yake, goti likapewa tarehe. Nilitembea kwa maringo, sitaficha.

Nikampelekea mzee Orville kahawa kwa mkono wangu.

"Mzee wangu, niambie. Alhamisi ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba mvuke ni wa uongo. Hukuinuka."

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ndiye hukuinuka, binti yangu. Mimi macho yangu hayafiki kwenye skrini ile. Miaka minne natazama uso wako. Ukivaa miwani, najua kuna jambo, nakuja dirishani. Alhamisi hukuvaa. Nikasema, Verna ametulia, kuna anachokijua."

Miwani mimi huvaa ili nimwone yeye.

"Na zile mara tatu?" nikauliza.

"Ah, mbili ulikuwa unapaka kucha. Ya tatu sikumbuki, nadhani ulisinzia."

Nilirudi kwenye meza yangu mpya. Alhamisi iliyofuata, saa tano kasoro, skrini ikawaka nyekundu juu hadi chini. Mkono ukaenda kwenye miwani, ukaishia njiani. Kule kiti cha tatu, kofia ya chungwa ilikuwa imenielekea, mikono tayari kwenye magoti, inasubiri kuona nitafanya nini.