Sekunde za Salamu

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na moja Machi mwaka wa 2025, siku ambayo Maxwell aliingia ofisi yetu ya Voi na laptopu kwapani akasema video za mke wangu ni ndefu.

Emily tulikuwa tumemzika Novemba. Udongo haujakaa sawa, na mtu anakuja kulalamika eti anaongea sana.

Kampuni yetu inauza sola za nyumbani: paneli, betri, taa na waya ya kuchajia simu. Mimi ndiye fundi wa kupanda juu ya mabati. Emily alikaa kwa meza ya wateja, simu sikioni, akijibu watu wa Mwatate, Rukanga na Chawia maswali yale yale kila siku ya Mungu. Ndipo Sumayya, msichana wa hapa Voi anayeshika mambo ya mitandao ofisini, alipomwambia, "Mama Chrispine, kwa nini usiyajibu mara moja kwa video, tukawatumia kwa WhatsApp?"

Ile ya kwanza tulichukulia nyumbani kwetu. Swali lilikuwa kwa nini taa inazima mapema usiku. Hapa kwetu upepo ukipiga, vumbi jekundu linalala juu ya paneli kama blanketi, na betri haijai. Mimi niko juu ya ngazi na kitambaa, Emily yuko chini na kitenge chake cha kijani, Sumayya anashika simu.

"Hamjambo wapenzi?" Emily akaanza. "Wa Rukanga, mahindi yametoka? Wa Chawia, najua kwa baridi ya huko bado mmejifunika. Haya, mtoto amelala? Basi tuongee habari ya taa. Na mumwone huyu mzee wangu hapo juu. Sahani hajawahi kupangusa tangu anioe, leo anapangusa sola!"

Nilicheka karibu nianguke. Kicheko changu kiko ndani ya ile video, na ngazi inasikika ikigonga mabati. Watu walikuwa wananisimamisha sokoni Mwatate: "Mzee Oduor, sahani umeshaosha?"

Ndiyo hiyo Maxwell alikuja kuua. Alikuwa meneja mpya, ametumwa kutoka Nairobi. Hawa wakubwa wako hivyo. Wanakaa kwa kiti mahali stima haipotei, halafu wanakufundisha giza.

Alifungua laptopu akatuonyesha mstari wa watazamaji unaoteremka kama njia ya Mwatate. "Angalieni," akasema. "Hii video ni dakika tatu. Jibu liko dakika ya pili. Kabla ya hapo, watu wengi wameshatoka. Bundles zao zinaisha kwa salamu. Tunataka kiolezo. Kila video, swali moja. Kila video, sekunde sitini."

Sumayya akaniandikia ubaoni nielewe. Sekunde tano za kwanza ni swali, kwa maneno ya mteja mwenyewe, liandikwe pia kwa sababu wengi wanatazama bila sauti. Kumi za jibu fupi. Thelathini na tano za hatua tatu, mikono ionekane ikifanya. Tano za alama ya kujua kazi imekubali. Tano za mwisho ni namba ya kupiga. Maandishi yakae mahali pale pale kila mara, ili aliyeona moja ajue pa kuangalia katika zote. Swali la pili likijitokeza, lipewe video yake.

Nikauliza, "Na salamu iko wapi?"

Sumayya akaangalia chini. Maxwell akasema, "Haina sekunde, mzee."

Hii kitu niliijua. Ni kalibu ya matofali. Unajaza udongo, unaozidi unakwangua kwa ubao, unatupa. Matofali yanatoka sawa yote. Lakini hakuna tofali linalokuuliza kama mtoto amelala.

Halafu Maxwell akaongeza lingine. Mikono yangu walitaka ibaki. Picha za zamani zingetumika, sauti ya Sumayya iwekwe juu, na zile video ndefu zifutwe. Yaani mimi nipanguse, na mwingine aongee.

"Mikono yangu haifanyi kazi na sauti nyingine," nikasema.

"Mzee Oduor, pole sana. Lakini hii si matanga. Hii ni customer care."

Nilitoka nje nikasimama karibu na pikipiki mpaka damu itulie. Sauti ya Emily iko kwenye zile video tu duniani. Simu yake ya zamani iliibiwa hospitalini, na hospitali nayo nina maneno nayo, siku nyingine. Wakizifuta, nimemzika mara mbili.

Sumayya alinifuata. "Baba, usikasirike. Nipe siku mbili. Nitajaribu nimkate mama aingie humo humo kwa sitini."

Na kweli alijaribu. Alhamisi akaniwekea kisikilizio. Ilikuwa ni Emily: "Chukua kitambaa chenye maji kidogo. Pangusa asubuhi, kabla paneli haijapata moto. Angalia saa sita kama kuna kivuli cha mti. Zima taa mchana, betri ijae." Kila neno lilikuwa lake. Iliingia sekunde sitini kamili. Maxwell mwenyewe alikuwa ameikubali.

Nikairudia. Nikairudia tena.

Mama yule alikuwa anatoa amri kama nyapara wa mkonge. Emily hakuwahi kumwambia mtu "pangusa" kabla hajamuuliza ameamkaje. Hata mimi, miaka yote ile, kama nimekosea, alinisalimu kwanza ndipo anigombeze.

"Toa," nikamwambia Sumayya. "Weka yako. Heri asiwepo kuliko awe hivi."

"Una hakika, baba?"

"Toa."

Zile ndefu akanihamishia kwa simu yangu, kwenye ukurasa wa kampuni akazifuta kama alivyoagizwa. Aprili mpya zikatoka, mikono yangu, sauti ya Sumayya. Sitasema uongo, watu walizitazama mpaka mwisho. Simu za kuuliza habari ya taa kuzima zikapungua. Maxwell akatembea ofisini kama jogoo.

Sheria ya kile kiolezo ni kwamba kila mwisho wa mwezi Sumayya anahesabu maswali ya simu na WhatsApp, na lililoulizwa zaidi ndilo linapewa video. Mwisho wa Mei akahesabu. Akahesabu upya. Akaliandika ubaoni lililoongoza.

Maxwell akalisoma. "Futa. Hilo si swali la bidhaa."

"Bosi, ni wewe uliyesema lililoulizwa zaidi," Sumayya akajibu kwa sauti yake laini. "Na uliyesema liandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe. Hakuna lililolikaribia. Rukanga wameuliza, Chawia wameuliza. Kuna bibi wa Mwatate amepiga mara tatu."

Maxwell akasugua macho. Kwa mara ya kwanza niliona ni kijana tu. "Sawa," akasema. "Lakini sitini. Isizidi hata moja. Na ni mzee ndiye atajibu."

Basi nikakalishwa kwa meza yake Emily. Sumayya akaweka simu kwenye kishikizo. Kiolezo kiko ubaoni: swali limejazwa, visanduku vingine vyote vitupu. Jibu fupi, hakuna. Hatua tatu, hakuna. Mikono yangu iko juu ya meza na haina kitambaa, haina paneli, haijui ifanye nini.

"Tayari, baba?"

Nikaangalia simu. Akabonyeza tu, na akasoma kwa maneno ya wateja wenyewe:

"Yule mama aliyekuwa anatusalimu, ameenda wapi?"