Njegere Zilizoshikamana

Shamshad alikuwa na mpangilio wake sokoni, na kwa miaka thelathini na mitano hakuuvunja. Sabuni na dengu kwanza, kisha mchele, kisha vitunguu. Mtindi karibu na mwisho. Vilivyoganda mwisho kabisa, na kutoka hapo bajaji, na kutoka kwenye bajaji nyumbani. Mwezi wa Juni hapo Multan, chuma cha mlango huwezi kukishika bila kitambaa, na mtu anayenunua kuku aliyegandishwa halafu akaenda kuchagua bangili, basi amenunua kuku wa kutupa.

Siku hiyo mkwe wake, Rifat, alimwandikia orodha kabla hajampeleka mtoto hospitali kwa dawa yake. Kebabu za kuku wa kusaga, pakiti moja, zile mbichi za kugandishwa. Njegere, pakiti moja. Mtindi.

"Amma, ukishachukua vya baridi uje moja kwa moja," alisema Rifat, akimfunga mtoto kitambaa kichwani. "Unajua daktari alivyotuambia."

Shamshad alijua. Mjukuu wake Mahpara alikuwa na miaka sita na ugonjwa wa damu. Dawa aliyokuwa akipewa ilipigana na ugonjwa, lakini ilimwacha bila askari hata mmoja mwilini. Chakula ambacho mtu mwingine angekila akaumwa tumbo siku moja akasahau, yeye kingeweza kumpeleka wodini asirudi. Daktari aliwaambia hivyo kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliomtisha Shamshad zaidi.

"Dadi, kebabu," alisema mtoto mlangoni. Alikuwa hajaomba chakula kwa siku tisa.

Katika duka la Yawar, Shamshad aliingiza mkono hadi chini ya friza, maana vya juu hupigwa na joto kila kifuniko kinapofunguliwa. Alitoa pakiti ya njegere akaitikisa sikioni. Zikalia kama changarawe ndani ya kopo, kila punje peke yake.

"Bado huniamini tu, Amma," alisema Yawar akicheka.

"Wewe nakuamini. Umeme ndio siuamini."

Yawar alizipanga kebabu na njegere zigusane, mtindi katikati, ili vipeane baridi. Akavizungushia gazeti mara mbili, akaongeza kipande cha barafu ndani ya mfuko wa nailoni, wala hakukitaja kwenye bei. Alijua habari za Mahpara.

"Barafu hii itakaa nusu saa, inatosha kukufikisha. Usisimame njiani."

"Nisimame kwa nani, na jua hili?"

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Bajaji ilipokata kona ya mtaa wao, ikabidi ipunguze mwendo, kwa sababu turubai lilikuwa limefungwa barabarani mbele ya nyumba ya jirani yake Qudsia. Mumewe, mwalimu Hashmat, alikuwa amezikwa juzi. Hii ilikuwa siku ya tatu, siku ya kisomo. Shamshad alikuwa ameshakwenda siku ya mazishi, na alipanga kurudi leo alasiri, akishaweka vitu vyake. Lakini mlangoni walisimama wanawake wawili wa mtaani. Wakamwona, na mmoja akasogeza pazia kumfungulia njia.

Upite nyumba ya msiba wakati pazia limeshafunguliwa kwa ajili yako? Na useme nini, kwamba una kuku? Mwalimu huyo huyo ndiye aliyemfundisha mwanawe kusoma. Shamshad akashuka. Dua moja tu, alijiambia, kisha niondoke.

Aliacha kapu mlangoni pamoja na viatu. Ndani, shuka jeupe lilitandazwa sakafuni, na katikati palikuwa na rundo la kokwa za tende. Kila mwanamke alichota konzi yake. Kwa kila kokwa unasoma mara moja, unaiweka upande wa pili, unachukua nyingine. Haendi mtu mpaka rundo liishe. Qudsia alikuwa amekaa ukutani, macho yamevimba. Alipomwona Shamshad alijisogeza ampe nafasi ubavuni pake, akamshika mkono, wala hakuuachia.

Shamshad alisoma. Kokwa moja, nyingine. Saa ya ukutani ilimtazama. Saa sita kamili umeme ukakatika kama kawaida yake, mapangaboi yakasimama, na joto likaingia chumbani likakaa nao. Rundo lilikuwa bado kubwa. Alijaribu kusoma haraka, akaona aibu, akarudi polepole. Kila akitaka kuvuta mkono wake, vidole vya Qudsia vilikaza kidogo.

Saa sita na nusu, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akamgeukia.

"Shamshad, kapu lako linalia kuliko sisi."

Mstari wa maji ulikuwa umetoka chini ya kapu, ukapita kati ya viatu. Wengine wawili wakaficha tabasamu ndani ya mitandio. Shamshad alihisi uso ukimchoma. Kunyanyuka sasa ingekuwa kuwaambia wote kwamba alikuja na akili yake ikabaki kapuni. Akakaa. Akasoma hadi kokwa ya mwisho, na mikono ilipoinuliwa kwa dua, yeye hakumwombea marehemu. Aliomba barafu isiwe imeisha.

Ilikuwa imeisha. Alipofika jikoni kwake ilikuwa saa saba na robo. Gazeti lilikuwa uji mtupu. Pakiti ya kebabu aliiinua kwa vidole ikajikunja katikati kama nguo iliyolowa, na ndani yake maji ya waridi yalitembea huku na huku. Mtindi ulikuwa umepanda povu. Aliumwaga kwenye mfereji, maana mtindi nani angeuulizia. Lakini kebabu zingeulizwa. Rifat angetazama tu. Hakuwa mtu wa kelele, alikuwa mtu wa kutazama, na tangu mtoto augue macho yale yalikuwa hayafungi usiku.

Nitazitupa, aliwaza Shamshad. Halafu aliwaza: nitazitupa kesho, nikishanunua nyingine. Akaziingiza ndani ya friza, chini kabisa, nyuma ya chupa ya maji, pamoja na njegere. Akafunga mlango, akasimama kiganja chake juu yake kama mtu anayemzuia mtu asitoke. Umeme uliporudi saa nane alisikia friza ikianza kunguruma. Akasali, akajilaza ili afikirie, na uchovu ukamchukua.

Kilichomwamsha kilikuwa harufu ya kebabu.

Alifika mlango wa jikoni bila viatu. Ilikuwa saa kumi na nusu. Rifat alikuwa jikoni na buibui lake bado mwilini, na Mahpara amekaa kwenye kigoda na sahani mapajani. Kitambaa kichwani kimependeza, miguu inaning'inia.

"Amelilia hizi tangu hospitali," alisema Rifat, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Shamshad hakuwa ameisikia kwa miezi. "Tazama, Amma. Anakula mwenyewe."

Sema, Shamshad alijiambia. Ulimi haukunyanyuka. Zimekaangwa, alijiambia, moto unaua kila kitu. Lakini alikuwa mpishi wa miaka mingi mno kujidanganya hivyo. Nyama iliyokaa saa mbili kwenye joto lile huacha ndani yake uchafu ambao moto hauuondoi wote, na friza haiui kitu. Huvilaza tu vijidudu, vikaamka vikipata joto. Mtoto alipuliza kebabu, akaimega ukingoni, akatafuna.

Rifat akageukia friza achukue njegere za wali. Akasimama.

"Hebu shika hii."

Alimpa Shamshad pakiti. Ilikuwa nzito na ya kipande kimoja, kama tofali, na barafu nyeupe imejikusanya pembeni.

"Hizi ziliyeyuka zikaganda upya," alisema Rifat taratibu. "Hata zile kebabu nilizitenganisha kwa kisu. Nikadhani ni baridi tu." Akazitazama, kisha akaitazama sahani. "Yawar. Anazima mafriza usiku kuokoa umeme, watu walisema. Na anajua hali ya mtoto wetu. Leo mtaa mzima utajua. Sijui ziliyeyuka kwa muda gani."

"Mimi najua," alisema Shamshad. "Saa mbili."

Alishapiga magoti mbele ya kigoda, kiganja chini ya kidevu cha mtoto. "Tema, mwanangu. Mtemee Dadi mkononi."

Mahpara alitema, akashangaa, kisha akaanza kulia, si kwa maumivu, kwa ajili ya sahani iliyochukuliwa.

"Umemeza?"

"Kidogo."

Shamshad alieleza yote hapo hapo sakafuni, nyama iliyotafunwa ikiwa bado kiganjani. Turubai, kokwa, kapu. Friza. "Yawar hana kosa. Alinifungia kwa mikono miwili na akanipa barafu. Mimi nilizirudisha humo nikaona haya kukuambia."

Rifat alizima jiko. Alipiga simu wodini. Muuguzi alimwambia ampe mtoto maji, wampime joto kila baada ya saa chache, na likifika thelathini na nane, au akihara, au akitapika, wasingoje kuche, waje. Siku tatu, alisema. Hata nne.

Kisha zikaja hizo siku. Shamshad alikaa kando ya kitanda na kipimajoto kwenye kikombe. Thelathini na sita na nusu. Thelathini na saba. Thelathini na saba na nukta tano, jioni ya pili, na Rifat alikuwa ameshavaa viatu, mfuko wa hospitali begani. Wakapima tena baada ya nusu saa, ikashuka nukta mbili. Rifat akautua mfuko. Mara moja mtoto alishika tumbo, na wote wawili wakashika ukingo wa kitanda, kumbe alikuwa anatafuta mwanasesere wake chini ya shuka. Siku zote hizo Rifat hakumwambia neno la lawama. Asubuhi ya tatu alimletea chai na kuiweka karibu na mkono wake, sukari ameshakoroga. Shamshad aliishika ile glasi ikapoa bila kuinywa.

Siku ya tano muuguzi alisema kwenye simu, basi, hiyo imepita.

Wiki iliyofuata Shamshad alirudi sokoni. Rifat alimpa sanduku la kubebea baridi, la kifuniko, na vipande vya barafu ndani. Bajaji ilipokata kona, Qudsia alikuwa mlangoni pake, peke yake, turubai limeshaondolewa. Akamwita. Shamshad akamwambia dereva asimame lakini asizime.

"Siingii, dada. Nina vya baridi vya mtoto."

Qudsia alishika ukingo wa bajaji.

"Siku ile niliyaona maji," alisema. "Friza yangu ilikuwa hatua kumi, imejaa barafu ya wageni. Nikawaza, nikikuambia toa kapu lako, utadhani nakufukuza."

"Na mimi nikawaza, niombe nafasi kwenye friza, nyumba ya msiba?"

Walitazamana. Qudsia alivuta pumzi kama anayetaka kucheka, ikawa kilio kidogo, akajipangusa.

"Nenda," alisema, akiligonga sanduku kwa kiganja. "Nenda, vinayeyuka. Urudi mikono mitupu."