Mkono wa Hadija na Kopo la Mastura

Ubao ulichorwa kabla tawi lenyewe halijafunguliwa. Fundi Mikaeli aliuandika kwa rangi nyekundu: VITUMBUA VYA HADIJA, MKONO WA DHAHABU, TAWI LA MIKINDANI. Hadija akauegemeza ukutani, na kila jirani aliyekuja kuomba chumvi aliondoka na hotuba.

Haki ya Mungu, cha kujivunia alikuwa nacho. Kwenye geti la bandari ya Mtwara wapagazi walimzonga tangu alfajiri, na saa tatu sinia ilikuwa tupu. Wifi yake Mastura, dada wa mumewe, alikaa nyuma jikoni akigeuza vitumbua kwa kijiti.

"Huyu ananisaidia kugeuza tu," Hadija aliwaambia watu. Kuchanganya unga wa mchele na tui ilikuwa kazi yake, jioni, mbele ya macho ya watu, bila kipimo chochote. "Vipimo ni vya duka la dawa. Mie nina mkono."

Mpango ulikuwa Mastura abaki getini, Hadija aende Mikindani, kwenye baraza ya Mzee Abeid karibu na kituo cha basi. Mzee Abeid alimshikia nafasi mpaka Ijumaa, basi.

Jumatatu, Stefano, karani wa bandari na mlaji wa vitumbua vinne kila siku, alimhoji. Stefano alikuwa amehudhuria semina ya maduka ya ushirika na hakuacha siku ipite bila kuitaja.

"Bi Hadija, wateja wa Mikindani umewaona au umewaota?"

"Nimekaa pale asubuhi tatu. Wanashuka kwenye basi na njaa, wanaambulia muhogo mkavu."

"Nazi?"

"Yule wa Madimba ataongeza gunia."

"Leseni?"

"Halmashauri wamenikubalia."

"Vizuri. Limebaki moja. Unataka vibanda viwili, na wenyewe mko wawili. Basi kila mmoja asimame bila mwenzake. Leo jioni usiguse hata mwiko, na kesho usije. Keshokutwa zamu ya Mastura kukaa nyumbani."

"Bila mimi? Karani, kesho utalala njaa!"

Jumanne Hadija alijifunika buibui akajibanza nyuma ya lori la korosho. Aliomba vitumbua viungue kidogo; si vyote, kidogo tu, vya kutosha watu kumkumbuka. Havikuungua. Saa mbili na nusu sinia ikawa tupu, na mpagazi mmoja, Paulo, akajilamba vidole karibu na lori.

"Leo raha," alisema. "Tumekula bila kuhutubiwa."

"Bahati," Hadija alijiambia, akarudi nyumbani kwa njia ya uchochoroni.

Jioni hiyo alichanganya mwenyewe, mikono yote miwili, akimimina tui kwa madaha kama bibi harusi anayetazamwa. Mastura alikaa kibarazani akisuka ukili wa mkeka, akatazama pembeni.

Jumatano vitumbua vililala. Vilikaa kwenye sinia bapa, vikitiririka mafuta. Paulo alikiinua kimoja kwa vidole viwili.

"Bi Hadija, hivi tunakula au tunavaa?"

"Kula wewe! Ni vya kisasa."

"Haya, nipe na cha mguu wa kushoto nipate jozi ya kandambili."

Geti zima lilicheka, mpaka askari. Saa tano sinia ilikuwa bado imejaa.

Hadija aliingia nyumbani akihema. "Wifi, umeniroga?"

Mastura aliingia jikoni, akatoka na kopo kuukuu la maziwa lililokwaruzwa mstari kwa msumari.

"Kila jioni ukishamimina, ukienda kuswali, mie naongeza unga mpaka hapa, na hamira kidogo. Tui lako huwa limezidi."

"Tangu lini?"

"Tangu uolewe."

"Mbona hukuniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi, wifi? Ulikuwa unaongea."

Stefano alitoa hukumu jioni, amesimama mlangoni kama yuko semina. "Kibanda kinasimama bila wewe, Bi Hadija. Wewe ndiye husimami bila Mastura. Ukienda Mikindani leo utafungua duka la viatu."

Alisema kama mzaha. Ijumaa, baada ya swala, Mzee Abeid aliitoa baraza yake kwa fundi viatu.

Hadija alilia kidogo, akamwita Mikaeli. Mikaeli akauliza afute nini, jina au tawi.

"Tawi liache," Hadija alisema. "Baraza Mikindani si moja. Futa 'mkono wa dhahabu'. Mjini wameshanicheka vya kutosha."

Jumamosi jioni alichuchumaa mbele ya bakuli, kopo mkononi. Mastura alikaa kando yake na ukili. Hadija alipima unga mpaka kwenye mstari, akapima tui, halafu mkono ukamwasha, akainua kata ya tui aongeze kidogo.

"Wifi," alisema Mastura bila kuinua uso.

"Nini tena?"

"Rudisha."

Hadija akarudisha.

Asubuhi vitumbua viliumuka, vikatuna mashavu. Mastura alikuwa kitandani, amelala usingizi wa haki yake. Stefano alikula kimoja, akala cha pili, akatazama huku na huku.

"Kachanganya nani hivi?"

Hadija alifungua kinywa. Hotuba ilikuwa tayari, ndefu, yenye vituo vyote. Akaitazama foleni ya wapagazi, akafunga kinywa.

"Kula, karani," alisema. "Watu wanasubiri."